Mstari Mweupe Begani mwa Mchezaji

Baba mdogo wangu anaishi Tanga, na jioni za mechi sebule yake hujaa majirani. Mwaka jana alinunua runinga ya inchi 43, akaipachika ukutani na kuiunganisha na king'amuzi alichokuwa nacho tangu zamani. Baada ya wiki chache akanipigia simu.

"Mwanangu, hawa wachezaji wa huku kwangu wana mstari mweupe," akaniambia. "Kila mmoja kazungushiwa uzi, kama picha iliyokatwa gazetini ikabandikwa uwanjani. Na nyasi zinachemka."

Alikuwa ameshamlipa fundi wa antena mara mbili. Antena ilizungushwa, waya ukabadilishwa, na mstari ukabaki pale pale.

Nilipofika niliomba rimoti, nikaingia kwenye mipangilio ya picha. Sharpness, yaani ukali wa picha, ilikuwa imepandishwa hadi 85 kati ya 100. Chini yake Noise Reduction, ile ya kupunguza chenga, ilikuwa High. Mtoto wake wa mwisho akakumbuka jinsi ilivyokuwa. Siku ya kwanza picha ilionekana ina ukungu, akapandisha ukali. Chenga zikajitokeza, akapandisha kinga ya chenga. Sura za watu zikawa laini mno, akarudi kuongeza ukali. Alifanya hivyo kwa nia njema kabisa, na kila hatua, kwa wakati wake, ilionekana kuwa nafuu.

Jina lenyewe la kitufe hicho ndilo linalotupoteza. Ukisikia "ukali" unadhani runinga inakuletea kitu kilichokuwa kimefichika, kama mtu anayefuta kioo cha miwani. Runinga haina pa kukitoa kitu hicho. Ilichonacho ni nukta zilizoletwa na king'amuzi, basi. Inachofanya ni kutafuta mahali ambapo weusi unakutana na weupe, kisha inaongeza tofauti hapo: upande wa giza inautia giza zaidi, upande wa mwanga inautia mwanga zaidi.

Hesabu yake ni nyepesi, na inafaa kuiona kwa macho. Mwangaza wa kila nukta tuupime kwa namba, 0 ikiwa nyeusi kabisa na 255 nyeupe kabisa. Chukua nukta sita zilizo kwenye mstari mmoja, tatu za kwanza zikiwa za jukwaa lenye kivuli na tatu za mwisho zikiwa za bega la mchezaji aliyevaa jezi ya rangi ya mwanga. Runinga inachukua kila nukta, inatafuta wastani wake pamoja na jirani wa kushoto na wa kulia, inaangalia nukta hiyo imepishana na wastani kwa kiasi gani, kisha inaongeza pishano hilo juu ya thamani ya nukta yenyewe.

```
kabla:  60   60   60  180  180  180
baada:  60   60   20  220  180  180
```

Tazama katikati. Nukta ya tatu ilikuwa 60. Wastani wake na majirani ni 100, kwa hiyo iko chini kwa 40, nayo inasukumwa chini zaidi hadi 20. Nukta ya nne ilikuwa 180, wastani wake ni 140, inasukumwa juu hadi 220. Sasa pale pana mstari mweusi na mstari mweupe vilivyosimama bega kwa bega, na uwanjani hakuna kati ya hivyo viwili. Huo ndio uzi alioulalamikia baba mdogo. Fundi wa antena asingeweza kuuondoa, maana haukuja na mawimbi. Ulikuwa unachorwa pale ukutani, ndani ya runinga, mara kadhaa kila sekunde.

Kwa nini basi mwanzoni tunaupenda? Kwa sababu jicho letu nalo lina tabia inayofanana na hiyo. Mwaka 1865 mwanafizikia wa Austria aitwaye Ernst Mach alieleza jinsi mtu anavyoona ukanda wa giza na ukanda wa mwanga kwenye mpaka wa vivuli viwili, hata pale ambapo kanda hizo hazipo. Macho yetu hutafuta mipaka na kuikoleza. Runinga ikikoleza kidogo, tunasema picha ni safi. Dukani, ambako runinga ishirini zimewashwa pamoja chini ya taa kali na mteja anakaa mbele ya kila moja kwa sekunde chache, iliyokolezwa zaidi ndiyo inayovuta macho. Ndiyo maana runinga nyingi, zikiwashwa mara ya kwanza, huuliza kama ziko nyumbani au dukani, na hali ya picha inayoitwa Vivid au Dynamic huja na ukali uliopandishwa. Nyumbani unakaa nayo saa tatu mfululizo, na huko ndiko mistari inapoanza kuchosha.

Zamani kitufe hiki kilikuwa na kazi ya kweli. Katika runinga za kioo kizito cha mgongo mrefu, picha ilisafiri kwa mawimbi ya analojia, na kila ilipopita kwenye waya mrefu, kwenye mkanda wa video au kwenye antena mbovu, vitu vyembamba ndivyo vilivyopotea kwanza: nywele, nyuzi za nguo, majani. Kioo chenyewe kilichora kwa mwale wa elektroni ambao ncha yake haikuwa nyembamba sana. Kuongeza ukali kulirudisha sehemu ya kilichofifia njiani. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata. Picha ya dijitali haififii hivyo. Namba ya nukta ama inafika kama ilivyotumwa ama haifiki kabisa. Kitufe kimebaki kwenye menyu, lakini ugonjwa kiliotengenezewa umekwisha.

Sasa tuje kwenye zile nyasi zinazochemka. Chukua hesabu ile ile uiweke mahali pasipo na mpaka wowote, tuseme kwenye anga la jioni lenye mwangaza wa 100 kila mahali, isipokuwa nukta moja ambayo kamera, kwa uhaba wa mwanga, imeikosea ikaandika 106.

```
kabla: 100  100  106  100  100
baada: 100   98  110   98  100
```

Kosa la namba 6, ambalo ukiwa umekaa kwenye kochi usingeliona, limekuwa pishano la 12 kati ya nukta na jirani yake. Chenga imekua maradufu. Na katika fremu inayofuata kosa litakuwa kwenye nukta nyingine, na nyingine tena, ndiyo maana eneo lote linaonekana linatokota. Kwa hiyo ukipandisha ukali, unapandisha na chenga. Huwezi kuvitenganisha, kwa sababu kwenye hesabu chenga ni mpaka mdogo kama mpaka mwingine wowote.

Chenga za leo si zile za theluji tulizozijua wakati wa analojia. Picha inayorushwa kwa dijitali hubanwa sana ili chaneli nyingi ziingie kwenye masafa machache, na mbano huo unaacha alama zake. Mahali penye mwendo mwingi, kama wavu unapotikisika au mashabiki wanaporuka, huonekana vigae vya mraba. Kuzunguka herufi za matokeo na kuzunguka vichwa vya watu hutokea vidoa vinavyorukaruka, na mafundi huvifananisha na mbu wanaozunguka taa. Mbu hao hukaa pembeni mwa mipaka, pale pale ambapo ukali wa runinga unafanya kazi yake. Unapoongeza ukali unawalisha.

Kupunguza chenga kunafanywa kwa njia mbili, na kila moja ina bei yake. Njia ya kwanza ni kuchanganya nukta na majirani zake ndani ya fremu moja. Ile 106 ikigawana na wenzake inakuwa 102, na chenga imezama. Lakini rudi uitazame ile safu ya namba tano tena, na safari hii usiifikirie kuwa ni anga. Ifikirie kuwa ni uwanja wa nyasi, na ile 106 ni jani moja lililoshika mwanga wa taa. Namba ni zile zile. Runinga haina njia ya uhakika ya kujua kuwa kule lilikuwa kosa la kamera na hapa ni jani. Ikifuta moja inafuta na jingine. Ndivyo uwanja unavyogeuka zulia la kijani, na ndivyo ngozi ya mtangazaji wa habari inavyofanana na nta, bila kinyweleo wala mkunjo.

Njia ya pili ni kuchanganya fremu hii na zilizotangulia. Kwa kitu kilichotulia ni njia nzuri, maana chenga huhama kila fremu ilhali ukuta haujahama: ukichanganya fremu nne, chenga za kubahatisha hupungua kwa nusu na ukuta hubaki na mikwaruzo yake yote. Shida ni vitu vinavyokwenda. Mpira uliopigwa kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa, kwenye picha yenye fremu 25 kwa sekunde, husogea mita moja nzima kati ya fremu moja na inayofuata. Ukichanganya fremu hizo unapata mpira wenye mkia. Runinga hujaribu kutambua mwendo na kuacha kuchanganya pale, na mara nyingi hufaulu kwa mpira mweupe kwenye nyasi. Hukosea pale tofauti ni ndogo: mchezaji mwenye jezi ya kijani kibichi, kivuli kinachotambaa, moshi. Ukitaka kujua kama yako inakosea, usiangalie mpira. Angalia maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari. Kama kila herufi inaacha ukungu nyuma yake, kinga ya chenga imezidi.

Sasa unaona kilichompata yule kijana wa Tanga. Kitufe kimoja kinakoleza chenga, cha pili kinafuta chenga pamoja na nyasi, kisha cha kwanza kinapandishwa ili kurudisha nyasi ambazo hazipo tena. Kinachobaki cha kukolezwa ni mipaka mikubwa peke yake, yaani mabega, vichwa na mistari ya uwanja. Picha ya namna hiyo ina ukungu na ina mistari kwa wakati mmoja.

Lakini kijana alianza kwa sababu ya haki: siku ya kwanza picha ilikuwa na ukungu kweli. Hapo ndipo nilipotaka kuanzia, maana ukali ulikuwa dawa ya maumivu na ugonjwa ulikuwa mahali pengine. Nikachungulia nyuma ya runinga. King'amuzi kilikuwa kimeunganishwa kwa waya wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, ingawa vifaa vyote viwili vilikuwa na tundu la HDMI.

Waya wa njano hubeba picha nzima, mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa pamoja, kwa kiwango cha zamani chenye mistari 576. Hata kama chaneli inarushwa kwa ubora wa juu, ikipita humo inashushwa. Nukta 720 kwa 576 ni kama laki nne na elfu kumi na tano. Runinga yenye nukta 1920 kwa 1080 ina zaidi ya milioni mbili. Maana yake, katika kila nukta tano unazoziona kwenye kioo, nne runinga imezikisia kutokana na ile moja iliyopewa. Picha ya namna hiyo lazima iwe na ukungu, na hakuna kiasi cha Sharpness kitakachotengeneza zile nne. Tena, kwa kuwa mwanga na rangi vimechanganywa, runinga inapovitenganisha hubakiza vidoa vidogo vinavyotambaa kwenye mipaka ya rangi, hasa nyekundu. Navyo vilikuwa vikikolezwa kwa 85.

Tulinunua waya wa HDMI mjini. Baada ya kuuchomeka niliingia kwenye menyu ya king'amuzi chenyewe, maana nacho kina mpangilio wa ubora wa picha inayotoka, na chake kilikuwa bado kwenye 576i. Nikakiweka 1080i. Kisha kwenye runinga nikaangalia ukubwa wa picha. Runinga nyingi, kwa mazoea ya enzi ya kioo kizito, huikuza picha kidogo na kukata kingo zake, na kukuza huko kunalazimisha kila nukta ikisiwe upya. Mpangilio wa kuzuia hilo huitwa Just Scan, Screen Fit au Full Pixel, kutegemea chapa. Baada ya hayo matatu, kabla sijagusa ukali, namba iliyokuwa pembeni imekatika nusu kwenye kibao cha matokeo ikaonekana yote.

Ndipo tukaja kwenye ukali. Nilitoa Vivid, nikaweka Movie, nikazima Noise Reduction kabisa ili nisihukumu vitu viwili kwa pamoja. Kipimo nilichotumia ni menyu ya king'amuzi. Herufi zake hazikurushwa na kituo chochote wala hazikubanwa. King'amuzi kinazichora chenyewe, safi, na zimetulia. Kwa hiyo mstari wowote ulioko pembeni ya herufi hizo ni kazi ya runinga. Nikamwita baba mdogo asogee hadi nusu mita kutoka kwenye kioo.

"Unaona nini kwenye herufi M?"

"Ina kivuli cheupe. Kama imeandikwa mara mbili."

Nikaanza kushuka: 80, 70, 60. Kivuli kikawa chembamba, kikafifia. Kwenye 50 kikatoweka. Nikaendelea kushuka hadi 30 ili aone kinachofuata, na herufi zikaanza kuyeyuka kingo. Nikarudi 50. Hapo ndipo runinga hiyo haiongezi wala haipunguzi.

Kila runinga ina sifuri yake, na namba ya jirani haikusaidii. Kwenye Sony nyingi katikati ni 50, na ukishuka chini yake picha inapakwa ukungu kwa makusudi. Kwenye Samsung nyingi katikati ni 0, na chochote juu ya hapo ni nyongeza. Kwa hiyo anayekuambia weka 0 anaweza kuwa sahihi kwake akakuharibia wewe. Njia ya herufi za menyu inafaa kote: shuka mpaka kivuli kitoweke, na ukiona herufi zinayeyuka, umepitiliza.

Inabidi pia kutazama kama kuna ukali wa pili uliojificha kwa jina lingine. Super Resolution, Reality Creation na Edge Enhancer zote hukoleza mipaka kwa namna zao, na zinaweza kubaki zimewashwa hata baada ya kushusha Sharpness. Kwa upande wa chenga, Digital Clean View ni Noise Reduction kwa jina lingine, na MPEG Noise Reduction ni kwa ajili ya vigae na mbu wa mbano.

Majirani walipofika jioni, wa kwanza kuingia alisema picha imepooza. Nilimwelewa. Macho yaliyokaa na ukali wa 85 kwa miezi huzoea, na picha ya kawaida huonekana kama imetiwa maji. Nilimwomba baba mdogo asiguse kitu kwa siku tatu. Yeye hukaa mita tatu kutoka kwenye kioo. Nukta moja ya runinga ya inchi 43 ina upana wa nusu milimita hivi, na mtu mwenye macho mazuri huacha kuzitofautisha akiwa mbali kidogo ya mita moja na sentimita sabini. Kwa hiyo pale kwenye kochi hakuna undani wa ziada ambao ukali ungeweza kumpa. Alichokuwa akikiona kutoka kule ni mistari ya pembeni tu, kwa kuwa yenyewe ni mipana kuliko nukta moja.

Si kila kitu kilitengemaa. Chaneli moja anayoipenda, inayoonyesha filamu za zamani usiku, hurushwa kwa kiwango cha chini na kwa mbano mkali. Vigae vyake bado vipo. Kwa chaneli hiyo tuliweka MPEG Noise Reduction kwenye Low, na ukali tukaupandisha hadi 55, si zaidi, kwa sababu ilipofika 60 mbu walirudi kwenye kingo za sura. Na ile hali ya picha kuganda na kukatikakatika mvua kubwa inaponyesha haihusiani na mipangilio hii hata kidogo. Huo ni upungufu wa mawimbi, na hapo fundi wa antena ndiye mwenye kazi.

Siku ya nne alinipigia. Alikuwa ameangalia mechi ya mchana, na hakutaja mistari. Aliniambia kuwa kwenye nusu ya kaskazini ya uwanja, karibu na goli, nyasi zimekatwa kwa mwelekeo tofauti na upande mwingine, na kwamba sehemu ile mlinda mlango anaposimama imebaki udongo. Akaniuliza kama ilikuwa hivyo msimu wote.